Meseji ya Makena

Mwezi uliopita nilikutana na Makena mjini Lodwar, kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na mto, katika ile mikutano ya ofisi ambayo watu husafiri siku nzima kuja kusikiliza mambo wanayoyajua. Alinitambua kabla sijamtambua. Amenenepa vizuri, amevaa miwani, na cheo chake sasa kina maneno manne. Alinikumbatia, kisha akawageukia wenzake mezani na kuniita kwa sifa. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye alikuwa ananiandikia meseji Kakuma. Nilikuwa nikiomba msamaha watu wanalia!" Wakacheka, nami nikacheka, maana mezani kwa watu mtu hucheka. Baadaye, tukiwa tumeshika sahani zetu za wali na mbuzi, akaniuliza, "Na yule mama wa Kalobeyei, yule wa kwaya, yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui. Akasema, "Alikuwa mtu mzuri sana," akaongeza kachumbari. Nilirudi chumbani nikavua viatu nikakaa kitandani, na mwaka ule wote ukaja ukakaa nami.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi ya ukalimani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Daktari au afisa anasema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kiswahili. Mgonjwa anajibu kwa Kiswahili chake cha Uvira au cha Bujumbura, mimi narudisha kwa Kiingereza. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari, jambo ambalo ni ugonjwa. Makena naye alikuwa afisa wa lishe, amezaliwa na kukulia Nairobi katika mtaa ambao hata mbwa huitwa kwa Kiingereza. Tulipanga pamoja chumba cha mabati nyuma ya duka la Msomali, vitanda viwili, jiko la mkaa, madumu manne ya maji, na ukuta mwembamba kiasi kwamba tulijua ndoa ya jirani kuliko jirani mwenyewe. Mwenye nyumba, mama wa Kiturkana mwenye shanga hadi kidevuni, alitusalimu kila asubuhi, "Ejok!" na sisi tukajibu "Ejok-noi!" kwa sauti ya watu wanaojivunia neno moja. Tulikula githeri, tukala sambusa, na wiki ya mshahara tukala samaki mkavu wa ziwani kutoka Longech mpaka mto wa kulalia ukanuka. Nilimpenda Makena. Alikuwa mkarimu na mcheshi, na hakuwa na roho mbaya hata chembe. Nasema hivyo mapema kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

Makena na Mama Zawadi walijuana kanisani. Alikuwa Mkongomani wa kama miaka arobaini, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, na sokoni Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, alikuwa na meza ya vitambaa. Makena alipopigwa na malaria mwezi wake wa pili, mimi nikiwa safarini Nadapal, mama huyu alipanda pikipiki kila asubuhi kwa siku sita kumletea uji, akamfulia mashuka, akaketi mkekani akimwimbia polepole. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Makena alikwenda kwake Jumapili kula sombe, majani ya mhogo, akarudi amebeba bakuli lililofunikwa, langu. Walizungumza Kiswahili chao kibovu kwa kibovu, mmoja wa mjini, mwingine wa ziwani, wakicheka zaidi ya walivyosema. Nilipowasikia nilijiambia kwamba wangenihitaji mimi ili waelewane. Hawakunihitaji.

Mume wa Mama Zawadi alikuwa amefariki kabla sijafika, na mwaka ule ukatimia mwaka wa kilio. Kwao mjane huvaa nguo nyeusi mwaka mzima. Haimbi kwaya, haketi sokoni kuuza; meza ya Mama Zawadi ilikuwa ikiangaliwa na mtoto wa dada yake. Mwaka ukiisha watu hukusanyika wakaomba, wanawake wakamwingiza ndani akavua ile nyeusi, akaoga, kisha mtu aliyemchagua mwenyewe akamfunga kikwembe kipya, yaani kitenge, kiunoni na kumtoa nje mbele ya watu wote. Siku hiyo waliiita kutosha kilio, yaani kukiondoa. Mtu wa kumfunga si yeyote tu. Ni yule ambaye mjane anataka kuanza naye maisha yaliyobaki. Wengine huchagua dada, wengine mama mkwe. Mama Zawadi, ambaye dada zake wote walikuwa wamebaki upande wa pili wa mipaka miwili, alimchagua Makena. Alikuja chumbani kwetu akiwa na kikwembe chenyewe kwenye mfuko wa karatasi, cha kijani chenye ndege wa manjano, akakikunjua kitandani tukakishika. "Weye njo utanifunga," alimwambia Makena. "Jumamosi ile ingine. Usichelewe, juu nitakuwa ndani niko nakungojea, siwezi toka bila weye." Makena alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, niliyaona.

Jumamosi hiyo Makena alikuwa Lodwar. Mafunzo yake yalikwisha Ijumaa mchana, gari la ofisi lilirudi Kakuma jioni hiyo hiyo na nafasi ilikuwepo, lakini wenzake wa Nairobi walikuwa wanamuaga bosi wao kwa nyama choma, na Makena akabaki. Aliniambia mwenyewe Jumatatu, mchana, tukila maharagwe na chapati. "Nilisema nitaamka mapema nipate lifti," alisema. "Nikaamka saa tano. Aki Rispa, nilijisikia vibaya mpaka nikazima simu." Kisha akanipa simu. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa sababu aibu yake ilikuwa inajua Kiingereza tu, na akajaribu kuigeuza kwa ile programu ya kutafsiri. Nikiuleta ujumbe ule wa Kiingereza neno kwa neno, ulisema hivi: Habari mpenzi! Samahani sana kwa kukosa tukio lako, kitu fulani kilijitokeza. Natumaini lilienda vizuri sana! Nitakufidia, tuonane karibuni. Programu ikauvalisha koti: Ninaomba radhi kwa kutohudhuria hafla yako kutokana na dharura iliyojitokeza. Chini ya hapo Makena alikuwa ameongeza kwa mkono wake, akikumbuka darasa la nane, "Kwa heshima na taadhima." Nilicheka mpaka nikapaliwa na chapati. Nikamwambia hii ni barua ya chifu kwa wazazi wa watoro. "Basi niandikie," alisema. "Wewe unajua. Fanya isikike kama natoka moyoni."

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu kila hatua ilikuwa sahihi, na nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Kwanza nilitupa "mpenzi" na ile alama ya mshangao, maana huwezi kumwendea mtu aliyekungoja ukiwa unarukaruka. Nikaanza na jina lake na jina la anayesema, kama mtu anayebisha hodi. Halafu nikatoa "hafla" na "tukio." Mtu hana tukio, ana harusi, ana ubatizo, ana kilio. Anayekosea na kuita siku yako kwa jina la jumla anakuambia kwamba hata jina lake halikumbuki, kwa hiyo nikaweka maneno yake mwenyewe, siku ya kutosha kilio. Sikuiga lahaja yake yote, hiyo ingekuwa kejeli. Kisha kosa. Kiingereza kilisema amekosa, kana kwamba siku ndiyo iliyopita haraka. Nikaandika "sikukuja," kitenzi kimoja chenye mtu ndani yake. Pole sikuiweka, kwa sababu pole humpa mtu faraja kwa jambo lisilokuwa lako, na hili lilikuwa lake. Samahani nayo ni ya kukanyagana mguu kanisani. Nikachukua "nisamehe," lakini nikaiweka mwishoni, maana ukiianza nayo unakuwa unadai kabla hujakiri.

Tukafika kwenye sababu. "Kilitokea nini?" nilimuuliza, kalamu hewani, kana kwamba sikuwa nimesikia. "Weka tu kazi," alisema. Nikamwambia kazi haiwekwi. Sababu ya juujuu kwa Kiswahili inanuka, na iliyotungwa inanuka zaidi. Useme kweli au unyamaze. Hakuweza kusema nyama choma. Kwa hiyo nikaandika "sina la kujitetea," ambayo ilikuwa kweli kwa namna ambayo Makena hakuitambua. "Natumaini lilienda vizuri" nililifuta kabisa. Kilio hakiendi vizuri. Mahali pake ilipaswa kuwepo ishara kwamba unajua mwenzako aliona nini kwa kukosekana kwako, nikaandika "nikakuacha ndani ukinisubiri." Ikabaki ile ya mwisho, nitakufidia, tuonane karibuni. Kwa Kiingereza ni kama kufunga mlango kwa upole. Hakuna anayetoka nje kungoja. Lakini kwa Kiswahili "tuonane karibuni" baada ya kosa kubwa ni upepo, na nilitaka kitu chenye uzito, kitendo chenye mikono. Nikakipata, na moyo wangu ukaruka kwa furaha ya fundi. Meseji nzima ilikuwa hii:

"Mama Zawadi, ni Makena. Siku yako ya kutosha kilio sikukuja, nikakuacha ndani ukinisubiri. Sina la kujitetea. Nisamehe, dada yangu. Nitakuja nikufunge kikwembe kwa mikono yangu."

Makena aliisoma mara mbili. Akafuta jicho. "Ni tamu," alisema. "Ni kama mimi kabisa." Hakusema kwamba atakwenda, na mimi sikumuuliza. Akatuma, akamaliza chapati yake, na nikamwona uso umekunjuka, amepona. Hilo ndilo nililokuwa sijalifikiria. Aliyeandikiwa toba nzuri mno hupona siku hiyo hiyo, na hana haja tena ya kufanya lolote.

Jibu lilikuja kabla hatujaosha sahani. Makena alinisomea kwa sauti. Mama Zawadi alisema asanti sana, maneno yake yamemfikia. Alisema Jumamosi walimngoja mpaka chakula kikapoa, na mke wa mzee wa kanisa akasema haifai kungoja zaidi, akaingia akamfunga yeye. "Lakini hakukuwa mtu wangu," aliandika. "Sasa juu umesema utakuya, nimekitosha kikwembe. Nimekikunja. Nimerudi kuvala ya kilio, nikungojee unifunge vizuri." Makena aliweka simu mezani. "Ooh, kweli ananipenda," alisema, lakini polepole. Ukutani upande wa pili jirani alikuwa anamwambia mkewe kwamba maji yatakuja kesho, na mkewe anamuuliza ni kesho gani.

Siku chache baadaye nilikwenda kituo cha afya kutafsiri, nikamkuta mwanamke wa kwaya kwenye foleni, akanivuta pembeni kwa mkono. Alisema watu Kalobeyei hawaelewi. Mjane ambaye kilio chake kimeondolewa kwa maombi mbele ya kanisa, kisha mwenyewe akarudia nguo nyeusi, anaita nini nyumbani kwake? Anaita kifo kingine. Mke wa mzee wa kanisa alikuwa amekasirika, kwa sababu kuvua alichokufunga mtu ni kumvua mtu mwenyewe nguo. Kwaya ilikuwa imemwandalia beti zake za kuanzia, sasa hawezi kuimba. Mezani hawezi kukaa. Mtoto wa dada yake alikuwa amerudi shuleni, na meza ilikuwa imefungwa. "Anasema dada yake wa Kenya atakuya," mwanamke yule alisema. "Ametuonyesha meseji bote. Ni maneno ya mtu kweli. Kwa hiyo tuko tunanyamaza."

Nilimwambia Makena jioni hiyo. Alishika kichwa. Alisema Jumamosi inayofuata, hakika, na akaniomba niandike. Nikaandika kwamba atakuja Jumamosi inayofuata, na kwa kuwa nilijua kazi yangu, nikaiandika vizuri. Jumamosi ikaja na takwimu za kupeleka Lodwar. Nikaandika tena. Mara ya tatu aliniambia, "Rispa, naona aibu hata kumwangalia usoni sasa. Muda umepita mno." Nilimwelewa. Aibu nayo hula inachokipata, na kadiri maneno yangu yalivyomfanya awe mwema ndani ya simu ya Mama Zawadi, ndivyo Makena wa kweli, mwenye viatu vyenye vumbi, alivyozidi kuogopa kutokea pale. Nilikuwa nimetengeneza mtu ambaye Makena hakuweza kumfikia. Ukiona vyaelea vimeundwa, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyeunda. Mkataba wake ulipokwisha mwezi wa kumi na moja alipanda ndege asubuhi, ameniachia godoro lake na sufuria, na hakuaga mtu yeyote Kalobeyei.

Wiki moja baadaye nilipanda pikipiki kwenda huko. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamweleza yote. Mama Zawadi alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya matofali akichambua dengu, nguo nyeusi imepauka mabegani kwa jua, amekonda. Alinikaribisha kwa furaha iliyoniumiza, akanitolea kiti, akaniletea chai ya rangi yenye tangawizi. Kikwembe cha kijani kilikuwa kimekunjwa juu ya sanduku ndani, nilikiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilimwambia Makena ameondoka, amerudi Nairobi. Aliendelea kuchambua dengu kidogo, jiwe huku, dengu huku. "Aliniambia atakuya," alisema. Kisha akanyoosha mkono akanipa simu yake, kioo chake kimepasuka pembeni. "Basi mwandikie. Kwa Kizungu, kizuri, asikie vizuri. Mwambie: kama hauwezi kukuya, usiogope. Uniambie tu neno moja, hapana, nitajifunga mwenyewe. Sina kisirani. Lakini mi siwezi kujifunga kama ungali njiani."

Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuongeza kitu. Niliandika kila sentensi yake ilivyokuwa, fupi kwa fupi, hata ile "neno moja, hapana" niliiacha wazi kama alivyoiacha, ili Makena awe na mahali pa kuweka jibu. Nikamsomea kwa Kiswahili nilichoandika, akaitikia kwa kichwa, nikatuma. Tukakaa. Jua lilikuwa linapiga mabati. Alinisimulia kuhusu mwanawe Zawadi, anayesoma darasa la sita na anataka kuwa nesi. Nilikunywa chai bila kusikia ladha yake, nikijua kwamba kazi iliyokuwa imebaki ni ya Makena, herufi chache tu, na kwamba herufi hizo zingemrudisha mwanamke huyu sokoni na kwenye kwaya kabla ya Krismasi.

Simu ililia. Aliinyakua, akatazama, akanipa. Chini ya maneno yake yote Makena alikuwa ameweka kidole gumba kilichosimama, cha manjano. Hakukuwa na kingine. Nilisubiri labda anaandika. Hakuwa anaandika. Najua sasa kilichotokea, maana nimeshafanya hivyo mara mia: yuko kikaoni, anaona jina, anabonyeza kitu ili kile kitu kiondoke.

"Anasema nini?" Mama Zawadi aliuliza.

Nilikuwa na majibu matano tayari. Ulimi wangu uliyapanga wenyewe, moja zuri kuliko lingine. Ningeweza kusema, anasema hapana, dada, anakuomba ujifunge kwa amani. Labda hilo lingekuwa tendo jema kuliko yote niliyofanya Kakuma. Nimelifikiria miaka hii yote na bado sijui. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa Makena, nikasema, "Hakusema kitu, mama. Ameweka kidole tu."

"Kidole ni ndiyo ao hapana?"

"Si ndiyo, si hapana."

Alichukua simu akakitazama kile kidole. Kisha akapandisha kidole chake mwenyewe juu ya kioo, akarudi nyuma taratibu mpaka ile meseji ya kwanza, ambayo aliisoma akitikisa midomo bila kutazama sana, maana alikuwa anaijua. "Na hii ni ya nani?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza jina la mti.

"Ni yangu," nilisema. "Niliandika mimi." Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu nyama choma, programu, "tuonane karibuni," na kwamba Makena hakuwahi kusema atakuja, ni mimi niliyeona inapendeza. Nilimwomba msamaha, na nilipokuwa naomba nilijisikia nikipanga, nikiacha kisingizio nje, nikiweka kosa mbele na nisamehe mwisho. Alinisikiliza mpaka nikakauka.

"Na weye," alisema, "Jumamosi ile ulikuwa wapi? Niliwaita bote bawili."

Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nafua. Hata meseji sikumtumia, kwa sababu sikujihesabu kama mtu wa kukosekana. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Kisha nikainuka, nikaelekeza kichwa ndani penye sanduku, nikamuuliza kama ninaweza kumfunga mimi, sasa hivi, ili yaishe.

Alinitazama vizuri, kama mtu anayetafuta mahali pa kuniweka na hapaoni. "Hapana, dada Rispa," alisema. "Weye uko na maneno mingi sana." Akachukua kikombe changu, akamwaga chai iliyobaki mchangani, akaingia ndani na nguo yake nyeusi, na nikasikia akivuta pazia.